Madawati 180, mkataba unaisha Juni 12, mbao bado ziko tanurini: niombeje kuongezewa muda?

RandaNaMsasa (Kasese)
Wakubwa, naomba msaada wa barua. Nina mkataba na wilaya wa kupeleka madawati 180 ya shule za msingi, yale ya watoto watatu: fremu ya chuma, juu na kiti ni mbao za paini. Mwisho wa kupeleka ni Ijumaa, Juni 12. Leo ni Alhamisi, Mei 28.

Nilipofika: fremu zote 180 zimechomelewa na kupakwa rangi. Madawati 60 yamekamilika kabisa kwa mbao kavu zilizokuwa stoo. Mbao za yale 120 zilitakiwa kufika Mei 6, zikafika Mei 20, tena mbichi. Mita ilisoma unyevu zaidi ya asilimia 25. Tangu Mei 25 ziko kwenye tanuri la kukaushia na zinatoka Juni 2. Tuko mafundi wanne, tunaunganisha madawati 10 kwa siku, Jumatatu mpaka Jumamosi.

Rasimu yangu ndiyo hii: "Kutokana na changamoto zilizo nje ya uwezo wetu, tunaomba kwa unyenyekevu muda kidogo zaidi ili tukamilishe kazi iliyobaki kwa ubora unaotakiwa." Inatosha?

Kijana_wa_Tenda
Usijisumbue na barua. Piga simu kwa yule afisa elimu anayesubiri madawati, mweleze, akikubali umemaliza. Na ukiomba, omba siku 30. Watakupunguzia, ubaki na 15.

StooKuu
Simu ipigwe, hapo Kijana yuko sawa. Anayesubiri mzigo asipate habari kwanza kwenye karatasi. Ila "sawa" ya kwenye simu haibadilishi mkataba. Huko wilayani tarehe ya mkataba ikibadilishwa, mkataba wenyewe umerekebishwa, na marekebisho lazima yapite kwenye kamati ya mikataba. Afisa elimu akihamishwa kesho, au mkaguzi akifungua faili mwaka ujao, ataona Juni 12 na mzigo uliofika baadaye. Basi.

Kwa hiyo barua iende kwa Afisa Mkuu Tawala wa wilaya, nakala kwa meneja wa mkataba na kwa kitengo cha manunuzi. Ipeleke kesho, Mei 29, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kamati haikai kila siku. Ukipeleka Juni 11, watakutana wakati mkataba umeshakufa, na mkataba uliokufa hauongezwi muda.

Hizo siku 30 ndizo zitakazokuumiza. Hesabu kutoka Juni 12 uone unaangukia wapi: Julai 12. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na pesa ya bajeti ambayo haijatumika siku hiyo haikusubiri, inarudi Hazina. Wakikukubalia Julai, deni lako linaingia mwaka mwingine na utalifuatilia kwa miguu. Wao wanalijua hilo, kwa hiyo barua yenye tarehe ya Julai wataiogopa mara tu wakiisoma.

MwanafunziMbarara
Hata mimi naomba msaada. Tasnifu yangu nilitakiwa kuiwasilisha Ijumaa na sijamaliza sura ya nne. Hizi hatua zinafanya kazi kwa msimamizi pia?

StooKuu
Mdogo wangu, fungua uzi wako tukusaidie vizuri, maana kwako hakuna kamati ya mikataba. Lakini anza na kitu kimoja: mpelekee sura tatu zilizokwisha pamoja na ombi. Asome kazi kwanza, ndipo asome sababu.

Karani_Mstaafu
RandaNaMsasa, nimesoma rasimu yako mara mbili. Mtu wa kamati akiisoma atauliza maswali matatu, na hakuna hata moja ulilojibu: kimetokea nini, mzigo unakuja lini, na sasa hivi una nini mkononi. "Changamoto" si sababu, kila anayechelewa ana changamoto. "Muda kidogo" si tarehe. Na hayo madawati 60, ambayo ndiyo nguvu yako yote, hukuyataja kabisa!

Tuanze na tarehe, kwa sababu huko ndiko watu wengi hukisia. Mbao zinatoka Juni 2. Juni 3 ni Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Unaanza kuunganisha Alhamisi, Juni 4. Madawati 120 kwa 10 kwa siku ni siku 12 za kazi. Tarehe 4, 5 na 6 ni siku tatu. Wiki inayofuata ina 8, 10, 11, 12 na 13, kwa sababu Juni 9 ni Siku ya Mashujaa. Hapo una siku nane. Malizia 15, 16, 17 na 18. La mwisho linaunganishwa Alhamisi, Juni 18. Vanishi mikono miwili na kukauka, siku mbili: 19 na 20. Mzigo unaweza kutoka Jumatatu, Juni 22.

Weka siku mbili za umeme kukatika au mvua, useme wazi kwamba ni za hilo. Tarehe yako ni Jumatano, Juni 24. Siku 12 tu baada ya mkataba, na wilaya inabaki na siku za kukagua na kupitisha malipo kabla ya 30. Usiombe 22 ukitegemea bahati. Ombi la pili ni gumu kuliko la kwanza, kwa sababu hapo unaomba waamini hesabu iliyokwisha kushindwa.

RandaNaMsasa
Hiyo Juni 9 niliisahau kabisa. Ningeandika 20 na kuchelewa tena. Sababu je, niseme mvua? Barabara iliharibika kweli.

Karani_Mstaafu
Usiseme mvua. Mvua ya Mei si ajabu kwa mtu yeyote, na hata barabara ingekuwa nzuri mbao zingefika mbichi. Sema lililozuia kazi: mbao zilifika siku 14 baada ya tarehe ya agizo, zikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 25. Ambatisha hati ya kupokelea mbao ya Mei 20 na risiti ya tanuri.

Kisha ongeza sentensi moja ya kueleza kwa nini huwezi kuunganisha hivyohivyo, la sivyo mtu atauliza. Mbao mbichi ikifungwa kwenye chuma inasinyaa baadaye: matundu ya bolti yanalegea, ubao unapinda au kupasuka, na vanishi inababuka. Dawati linapita ukaguzi leo, muhula ujao linarudi.

Fundi_Paini
Kabla hujaahidi Juni 4, hakikisha mbao zitakuwa tayari kweli. Wenye tanuri hupima mwisho wa ubao, na mwisho ndio unaokauka kwanza. Kata ubao mmoja kama sentimita 30 kutoka mwisho, upime pale katikati. Ukipata 12 mpaka 14, endelea. Ukipata 18, rudisha. Fanya hivyo kwa mbao tano sita kutoka sehemu tofauti za rundo, hasa za katikati.

RandaNaMsasa
Nitafanya hivyo Juni 2 asubuhi. Na yale 60 yaliyo tayari, niyashikilie mpaka yote yawe pamoja?

StooKuu
Hapana! Soma mkataba kama unaruhusu kupeleka kwa awamu. Ukiruhusu, au wakikubali, peleka 60 Jumatatu, Juni 1. Yale utakayounganisha tarehe 4, 5, 6 na 8 ni 40, yanapigwa vanishi 10 na 11, yanafika Ijumaa, Juni 12. Siku ya mkataba kuisha wana madawati 100 shuleni, na ombi lako limebaki kuwa la 80. Kila mzigo upate hati yake ya kupokelewa yenye idadi na sahihi.

Kijana_wa_Tenda
Nakubali kuhusu Juni 30, sikuliwaza. Lakini kuna jambo hamjamwambia: wakimwongezea muda, fidia ya kuchelewa inafutika.

Karani_Mstaafu
Si lazima. Muuza mbao ni wake, si wa wilaya. Kama wilaya ndiyo iliyochelewesha, mfano michoro au eneo la kushushia, angekuwa na haki. Hapa anaomba tu. Wanaweza kumpa tarehe mpya na bado wakamkata kwa siku zilizozidi, kadiri mkataba unavyosema. Wengine huacha, wengine hukata. Asome kifungu chake, na katika barua asijifanye kwamba kosa ni la mtu mwingine.

Barua utaipeleka kwa Kiingereza kama kawaida ya ofisi zetu, lakini mambo yenyewe yawe haya:

"Tunaomba tarehe ya kukamilisha mkataba isogezwe kutoka Juni 12 hadi Juni 24. Mbao za madawati 120 zilifika Mei 20 badala ya Mei 6, zikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 25, na ziko tanurini hadi Juni 2. Zikifungwa mbichi zitalegea kwenye fremu. Hadi leo fremu zote 180 zimekamilika na madawati 60 yako tayari kukaguliwa. Kwa ruhusa yenu tutapeleka 60 Juni 1, 40 Juni 12 na 80 Juni 24. Tarehe hiyo ya mwisho ina siku mbili za akiba kwa umeme na mvua. Tumeambatisha hati ya mbao, risiti ya tanuri na picha za fremu na madawati. Bei na vipimo havibadiliki."

Ombi liko kwenye sentensi ya kwanza. Usilizike chini ya salamu.

RandaNaMsasa
Asante mzee. Naichapa usiku huu. Swali la mwisho: benki ilinipa dhamana ya utekelezaji, inaisha Juni 30. Iko sawa?

StooKuu
Angalia mkataba unataka dhamana iishi muda gani baada ya kupeleka. Mara nyingi hudai siku kadhaa zaidi ya tarehe ya kukamilisha, kwa hiyo tarehe ikisogea nayo husogea. Nenda benki kabla kamati haijakaa, uulize gharama na inachukua siku ngapi. Wakikukubalia muda huku dhamana ni fupi, karatasi ya marekebisho haitasainiwa.

MwanafunziMbarara
Nimefungua uzi wangu. Sura tatu nimeambatisha.