Naomba ushauri: utani wa hiari unaishia wapi?

Habari zenu wadau. Nasimamia kundi la WhatsApp la vijana wa Mtwara Mjini. Huku utani ni wa kawaida, hata msibani mtani ana nafasi yake, ila kwenye simu sauti na uso havionekani, maneno yanachoma.

Tulifungua kundi la pembeni la utani. Anayetaka anaomba mwenyewe kuingia, anatoka muda wowote, na akiandika "basi" wote wanaacha. Maumbile, ugonjwa na msiba ni mwiko.

Dada mmoja aliingia kwa hiari. Wakamtania kuhusu korosho zake kukataliwa ghalani, naye akacheka. Siku ya tatu akaandika "basi". Kule wakanyamaza, lakini watatu wakahamishia maneno kundi kuu, mmoja hadi inboksi. Nilifuta na kuwaonya. Wanajitetea kwamba aliendelea kuweka emoji za kucheka. Mimi naona alicheka kwa kuogopa kuitwa mnuni.

Naomba msaada: "basi" ifunge utani huo kila mahali, hata inboksi, mpaka mhusika mwenyewe aufungue? Na aliyevuka atolewe kundi la utani tu, au na kundi kuu?