Ghorofa 12 juu ya majabali Mwanza: eathi ya radi haishuki hadi omu 10, na zege la msingi ni Jumanne

Msimamizi_Waya (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nasimamia umeme kwenye jengo la ghorofa 12 hapa Mwanza, upande wa majabali. Upana mita 20, urefu 30, kimo 42. Tumepima ardhi kwa njia ya pini nne, inasoma kama omu-mita 1000. Fimbo moja ya shaba ya mita 2.4 inasoma karibu omu 400. Mkataba unataka eathi ya radi isizidi omu 10.

Mkandarasi wa kinga ya radi anataka kuweka mlingoti mmoja wenye "kinasa radi cha kisasa" juu ya paa, mikanda miwili ya shaba ishuke nje ya ukuta, fimbo tatu kila mguu, na eathi hiyo itenganishwe kabisa na ya umeme. Nondo za msingi zimeshasukwa. Nidai nini kabla zege halijamwagwa?

BabaSwichi

Mkuu, hapo ni chumvi na mkaa tu. Chimba shimo la mita 2, panga mkaa, chumvi, mkaa, chumvi, simamisha fimbo katikati, mwagia maji. Omu zinashuka siku hiyohiyo.

Dada_Eathi

BabaSwichi, kushuka zinashuka, sikatai. Ila masika mawili yakipita chumvi imeondoka na maji, na fimbo imeanza kuliwa. Ukitaka kujaza kitu kwenye mwamba, weka bentonaiti: inashika maji na haili shaba. Lakini hapa shida haiko kwenye shimo.

Msimamizi, testa yako haidanganyi. Piga hesabu ya fimbo yenye kipenyo cha milimita 16:

```
R = ρ/(2πL) × (ln(8L/d) − 1)
R = 1000/(2π×2.4) × (ln(8×2.4/0.016) − 1) ≈ 404
```

Fimbo tatu, hata ukiziachanisha vizuri, hazitashuka chini ya omu 130. Na kwenye jabali mafundi wakigonga mwamba wanakata fimbo wanafukia kipande, kwa hiyo hata hiyo 130 usiitegemee.

Sasa angalia pete. Ukizungusha shaba tupu mita 1 nje ya ukuta unapata 22 kwa 32, mita 108 za mkanda. Eneo hilo ni sawa na duara la kipenyo cha kama mita 30, na ukinzani wake ni karibu 2ρ/(3D), yaani omu 22. Ardhi ni ileile. Kilichobadilika ni umbo. IEC 62305, kiwango cha kimataifa cha kinga ya radi, nayo inaangalia umbo kwanza. Kwa daraja la II la kinga, ardhi ya 1000 inadai nusu-kipenyo cha wastani kisichopungua mita 9, na pete yako ina 15, imepita bila kuongeza fimbo hata moja. Omu 10 humo ni pendekezo, "ikiwezekana". Kwa daraja la I ungedaiwa 20, kwa hiyo kila mguu ungeongezewa tawi la mlalo la mita 5.

Kuhusu kutenganisha eathi, kataa kwa maandishi. Radi ya kiloampia 30 ikipita kwenye omu 22 inainua jengo hadi volti 660,000. Hata ukipata hizo omu 10, bado ni 300,000. Kama eathi ya umeme, lifti, mabomba na nondo zote zimefungwa pamoja, vyote vinapanda kwa pamoja na tofauti kati yao inabaki ndogo. Ukiacha eathi ya umeme peke yake, tofauti hiyo yote inatafuta njia kupitia bodi ya lifti.

Swali moja kabla sijaendelea: msingi unafungwa nailoni ya kuzuia maji?

Mama_Nyamanoro

Samahani kuingilia. Mimi nyumba ni ya kawaida, mabati, radi ilipiga jirani na friji yangu ikaungua. Nami nizungushe hiyo pete?

Dada_Eathi

Mama, kwako radi imeingilia kwenye waya wa umeme, haikupiga paa. Mwambie fundi aweke saji protekta kwenye bodi, na waya zake zote kwa pamoja zisizidi nusu mita. Waya mrefu huongeza kama volti 1000 kwa kila mita pale mkondo unapopanda kiloampia moja kwa mikrosekunde, na volti hizo zinaifikia friji kana kwamba kifaa hakipo.

Msimamizi_Waya

Ndiyo, nailoni ipo chini na pembeni zote.

Dada_Eathi

Basi nondo za msingi zimetengwa na ardhi, usizihesabu kama eathi. Pete ipite nje ya nailoni, na vipande vya kukatiza chini yake, visanduku visizidi mita 10 kwa 10. Hiyo ndiyo kazi isiyoweza kusubiri, maana baada ya Jumanne huwezi kuingia tena chini. Mikia ipandishwe pembeni mwa nailoni, usiitoboe.

Kwa kushuka, achana na mikanda miwili. Mzunguko wa jengo ni mita 100, na daraja la II linadai mguu kila mita 10, yaani kumi. Tumia nguzo za pembeni: kwenye kila moja teua nondo moja, ipake rangi ili fundi nondo aijue, na kila inapoungwa ipishane angalau mara 20 ya kipenyo chake na ifungwe kwa klempu. Waya wa kufungia peke yake nisingeuamini kwenye nondo hiyo. Kila slebu ikikamilika pima kutoka juu hadi chini kwa mita ya omu ndogo. Jumla isizidi 0.2. Ukisubiri ghorofa ya 12 ndipo upime, kiungo kilichosahaulika ghorofa ya 3 hukioni tena.

Kipimo_Sahihi

Niongeze mawili. Mkandarasi akileta fimbo za chuma cha mabati, zikatae. Nondo ndani ya zege zinajifanya kama shaba, ukiziunganisha na mabati yaliyo ardhini, mabati ndiyo yanayoliwa. Tumia shaba au chuma kisichoshika kutu.

La pili, siku ya makabidhiano usikubali testa ya klempu kwenye pete. Inapima mzunguko wa shaba yenyewe, inasoma 0.3 na watu wanapiga makofi. Kipimo cha kweli kinataka pini ya mkondo iwe mbali mara tano ya ulalo wa pete, karibu mita 200. Pima kiangazi, Julai au Agosti, siyo mvua zikiwa zimelowesha.

Fundi_Paa

Mnamwonea mkandarasi. Kinasa cha kisasa kina kiwango chake, NF C 17-102 ya Ufaransa, na kimefungwa majengo mengi tu.

Dada_Eathi

Kiwango hicho kipo, ni kweli. IEC 62305 haikipi kinasa hicho nusu-kipenyo cha ziada cha kinga. Inakihesabu kama ncha ya kawaida ya urefu uleule. Mkataba unataja kipi? Kama ni IEC, paa linataka wavu wa mita 10 kwa 10 na ncha fupi kwenye pembe, matangi na mashine za viyoyozi.

Msimamizi_Waya

Mkataba umeandika "viwango vinavyokubalika", basi. Pete nimeshaichora, mkandarasi wa ujenzi amenipa Jumamosi na Jumapili. Mshauri bado anashikilia omu 10 na hataki kusikia 22.

Kipimo_Sahihi

Mpelekee hesabu ya mita 15 dhidi ya 9, na umwombe aonyeshe kifungu kinachoilazimisha 10. Akikataa, pandisha mkanda mmoja wa ziada kutoka kwenye pete, ncha yake uiache wazi ndani ya boksi. Hapo baadaye mtaweza kuongeza kisima cha eathi bila kuvunja chochote.