Nimeletewa notisi ya milioni 30 kwa kumuita fundi tapeli kwenye grupu la mtaa, naomba ushauri

binti_pasua: Habari zenu wakuu. Niko Moshi huku Pasua. Mwezi wa tatu nilimpa fundi samani laki 6 na nusu kwa M-Pesa anitengenezee kabati, tukakubaliana wiki 3. Ikapita miezi miwili, simu hapokei, nikienda karakana naambiwa katoka sasa hivi. Nikapandwa na hasira nikaposti picha yake na namba kwenye grupu la mtaa, tuko kama 240, nikaandika: "Huyu ni tapeli, mwizi, kaliza watu wengi Moshi nzima, msimpe hela." Kesho yake akanirudishia laki 2, akasema nyingine anatafuta. Jana imekuja barua ya wakili, niombe radhi ndani ya siku 7 na nilipe milioni 30 eti wateja wamemkimbia. Sasa hela yangu si kala kweli? Kashfa iko wapi hapo? Nifute posti au nikae kimya?

mangi_mweupe: Dada lala usingizi. Ukisema kweli hakuna kesi. Halafu grupu la WhatsApp sio gazeti, ni mambo yenu ya ndani. Hiyo barua kafungie maandazi.

kaka_wa_kortini: Mangi kwenye ukweli uko sawa nusu, kwenye grupu umepotea. Akisoma mtu mmoja tu zaidi ya fundi, hayo maneno yameshatangazwa, sembuse 240.

Dada, ukweli ni kinga kweli, ila mzigo wa kuuthibitisha unaubeba wewe, fundi hana kazi ya kuthibitisha kuwa yeye si mwizi. Sasa isome posti yako kipande kipande. Kwamba alichukua hela na kabati hakuleta, hilo meseji ya M-Pesa na chati zenu zinakubeba. Ila "mwizi" na "tapeli" maana yake alikuwa na nia ya kukudhulumu tangu mwanzo, na wakili wake atasimama na hiyo laki 2 aseme mwizi gani anarudisha hela? Pabaya zaidi ni "kaliza watu wengi". Hao wengi ni nani? Kama hujui hata mmoja, hapo ndipo watakapokubana. Ungeandika "nimemlipa tarehe fulani, wiki 3 zimepita, kabati sijaona, simu hapokei", angehangaika kweli kukushtaki.

binti_pasua: Niliambiwa na watu lakini, sikutunga.

kaka_wa_kortini: "Niliambiwa" haikuokoi, ukirudia neno la mtu limekuwa lako. Unahitaji hao watu waje wenyewe wasimame kizimbani waseme.

mama_wa_njiro: Mi mwenye nyumba wangu hapa Arusha kanitumia voisi ya matusi inboksi, ananiita malaya, naweza nikadai hata milioni 10?

kaka_wa_kortini: Mama kama alikutumia wewe peke yako, hakuna mtu wa tatu aliyesikia, kwa kashfa utakwama. Matusi ni jambo lingine, fungua uzi wako tuliongelee.

mangi_mweupe: Haya basi, hiyo milioni 30 si atalipa kweli sasa?

kaka_wa_kortini: Namba ya kwenye barua anaandika yeyote. Akisema kapoteza oda za milioni kadhaa, hiyo ni hasara mahususi, aitaje moja moja na kuithibitisha kwa risiti na wateja wenyewe, maneno matupu hayatoshi. Fidia ya jumla ya kuchafuliwa jina ndiyo hakimu anapima mwenyewe, anaangalia posti ilisambaa kiasi gani, uliomba radhi au uliendelea kuchochea. Anaweza pia kukuamuru uifute na ulipe gharama za kesi.

Kwa hiyo leo, kabla hujagusa kitu, piga skrinshoti ya posti, tarehe zionekane, na chati zote na fundi, na hiyo simu usiuze. Ndipo ufute. Kufuta hakukufanyi mwenye hatia ila kunazuia isisambae zaidi. Radhi usiandike kwa hasira ya kutishwa, maana ukikiri tu "nilidanganya" umejifunga mwenyewe, mpe wakili aandike kwamba unaondoa neno mwizi na la watu wengi, lakini deni la laki 4 na nusu unalidai. Siku 7 kaziweka yeye. Za kuogopa ni za mahakama, ukipokea samansi una siku 21 kujibu kwa maandishi, na humo humo unaweka madai kinzani ya hela yako.

dogo_majengo: Akienda polisi je? Si wanasema mtandao faini milioni 5?

kaka_wa_kortini: Hiyo ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote. Ila pale lazima waonyeshe ulijua ni uongo ukaweka kwa makusudi. Huyu aliyelizwa kabati ni ngumu, ingawa kutishwa nayo atatishwa.

binti_pasua: Nimeshapiga skrinshoti. Nimepata wawili waliolizwa na huyu huyu, mmoja wa Kiborloni kasema atakuja na risiti ya kitanda, mwingine kagoma, fundi ni shemeji yake. Mmoja anatosha kuitwa "watu wengi"?

kaka_wa_kortini: Wewe na yeye ni wawili. Ningekuwa mimi hapo ningetafuta wa tatu kabla ya kujibu hiyo barua.