Mwenye nyumba wa zamani hajibu, na ninahitaji barua yake ili nipate nyumba mpya

Mpangaji_Mtulivu: Wakuu, naomba ushauri. Nimepata nyumba, ila mwenye nyumba mpya anataka barua ya yule wa zamani ithibitishe kwamba nilipanga kwake. Nimemwandikia, "Naomba uniandikie barua kuhusu upangaji wangu." Amesoma, kimya. Tuliachana kwa amani, lakini kuna mwezi nilichelewesha kodi, nikailipa yote mwezi uliofuata. Naogopa ataitaja.

Kibarazani: Achana naye. Peleka taarifa ya benki inayoonyesha malipo ya kila mwezi, inatosha.

Bi_Funguo: Kibarazani, hiyo inathibitisha pesa tu. Haisemi kama nyumba iliachwa salama wala kama ulitoa notisi, na mwenye nyumba mpya anataka kujua hayo pia. Iambatanishe, isiwe mbadala.

Mpangaji, mimi nasimamia nyumba za watu, na maombi kama lako huwa nayaweka kando kwa sababu yananitaka nifukue mafaili. Mwandikie upya, umpe kila kitu mkononi:

"Shikamoo mzee. Naomba uthibitisho wa upangaji wangu katika nyumba yako. Naomba utaje tarehe niliyoingia na niliyotoka, kodi ya mwezi, kama nadaiwa chochote, na hali ya nyumba nilipokabidhi. Nimeambatanisha mkataba, risiti, na rasimu unayoweza kurekebisha upendavyo. Nakuruhusu umjibu mwenye nyumba mpya moja kwa moja. Anahitaji jibu kufikia Ijumaa."

Ile ruhusa usiiache. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kutoa habari za mtu bila idhini yake. Na usimwombe akusifie; mambo ya kweli anayasaini haraka, sifa zinamfanya asite.

Jirani_Mwema: Mimi wangu alikataa kunirudishia amana, akadai nimeharibu rangi ya ukuta. Nimshtaki?

Bi_Funguo: Hilo lianzishie uzi wake, ndugu, lina mambo yake.

Mpangaji_Mtulivu: Asante dada. Na ule mwezi?

Bi_Funguo: Kwenye rasimu andika kwamba kodi ya mwezi huo ilichelewa na ikalipwa yote, hakuna deni. Ukiificha, naye akapigiwa simu akaitaja, wewe ndiye utakayeonekana mwongo.

Kibarazani: Hapo sikubali. Asipoulizwa, kwa nini ajichongee?

Bi_Funguo: Kama fomu ya maombi ya nyumba mpya haiulizi malipo yaliyochelewa, basi rasimu iseme tu kwamba hakuna deni. Ila isiseme "alilipa kwa wakati siku zote."

Mpangaji_Mtulivu: Amejibu! Anauliza aandike tarehe ipi ya kutoka: niliyohamisha vitu au niliyorudisha funguo? Zimepishana wiki nzima.

Bi_Funguo: Ya funguo, ndiyo siku aliyopokea nyumba yake. Kama mkataba ulikwisha siku nyingine, azitaje zote mbili, na kwenye fomu yako uandike vilevile.