Tupeane uzoefu: neno la heshima lililogeuka tusi mbele ya macho yako

Mama Neema, Goma
Jamani, wiki iliyopita kijana wangu wa miaka tisa alikuwa anacheza mpira na wenzake kwenye parseli yetu pale Himbi. Mmoja akakosa goli tupu, kipa ameshalala chini. Mwenzake akampigia kelele: "We PVH! Hauone goli?" Wote wakacheka. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi nikamuuliza, PVH ni nini? Akanijibu bila woga: "Ni mtu hajui kucheza, Mama."

Kwa wasio wa huku: PVH tunaisoma pe-ve-ash, ni kifupi cha Kifaransa cha "mtu anayeishi na ulemavu". Ndilo neno lililomo kwenye sheria yetu ya tarehe 3 Mei 2022. Miye mwenyewe nilihudhuria semina moja, tukaambiwa tuache kusema kilema, tuache na andikape, tuseme PVH. Tulipewa soda na kalamu.

Kwetu bibi alikuwa anasema kilema. Baba aliona hilo ni tusi, akasema enfirme. Shuleni miye nilifundishwa andikape. Mtoto wangu amezaliwa akikuta PVH. Vizazi vinne, maneno manne, na jirani yetu wa magongo bado wanamcheka vilevile. Kwenu ni neno gani limeharibika hivi? Na linaharibikaje?

Fundi Kadutu, Bukavu
Mama Neema, sababu naijua. Shida ni ile ki-. Kilema, kiwete, kipofu, kiziwi: wote wamewekwa ngeli moja na kiti na kijiko. Yaani lugha yenyewe imewafanya vitu. Ndiyo maana wasomi wakaleta mlemavu, asiyeona, ili warudi kwenye m- ya watu. Tukishika hayo, tusi linaisha.

Kinyozi wa Katuba, Lubumbashi
Fundi, mimi ni kinyozi. Basi niko kijiko?

Fundi Kadutu
Hahaha, hapana. Lakini wewe umeelewa ninachosema.

Kinyozi wa Katuba
Sijaelewa. Kiongozi naye ana ki-, na akipita hapa mnasimama na kupiga makofi. Kijana ana ki-. Na wote, pamoja na kipofu, tunasema "amefika", hatusemi "kimefika". Ki- ikiwa sumu, ingemuua gavana kwanza.

Mwalimu Ibanda, Bukavu
Kinyozi kamaliza kazi yangu, ila Fundi ana nusu ya haki. Aliyelemazwa na neno kilema kwa miaka anaisikia ile ki- kama kofi. Lakini kofi halikutoka kwenye ki-.

Tutazame andikape, maana historia yake inachekesha. Waingereza wa karne ya 17 walikuwa na mchezo wa kubadilishana mali. Watu wawili wanatia mikono yao kofiani na pesa ya dhamana, mtu wa tatu anakadiria tofauti ya thamani ili mabadilishano yawe ya haki. Mkono kofiani, kwa Kiingereza "hand in cap", ndiyo asili ya neno. Baadaye likaingia kwenye mbio za farasi: farasi mwenye nguvu zaidi anabebeshwa uzito, wengine nao wapate nafasi. Oneni sasa: aliyepewa "andikapu" alikuwa farasi bora kuliko wote! Kutoka mzigo wa farasi likahamia kwa binadamu, likaja kama neno safi kabisa, halina harufu ya kiwete wala ya enfirme. Na likachafuka. Ukilichana herufi kwa herufi hutakuta tusi ndani yake.

Mfano wa pili ni wa hospitali. Watoto fulani waliitwa kwa Kifaransa "wamongoli", kwa sababu daktari mmoja Mwingereza wa karne ya 19 aliona sura zao zinafanana na watu wa Mongolia. Mwaka 1959 Lejeune na wenzake wakatangaza kwamba watoto hao wana kromosomu moja ya ziada, ya 21, yaani tatu badala ya mbili. Mwaka 1965 Mongolia ikaliomba Shirika la Afya Duniani liache jina lile, likaacha. Neno jipya likawa trizomike. Hesabu tu! Linasema "tatu", basi. Nendeni leo kwenye uwanja wa shule yoyote ya Ufaransa msikie watoto wanavyotukanana trizomike.

Mtaalamu mmoja wa lugha na akili, Steven Pinker, aliupa mzunguko huu jina mwaka 1994. Aliufananisha na mashine ile ya mazoezi ya kukimbilia: unakimbia, mkanda unarudi nyuma, uko palepale. Mtoto hajifunzi neno kwenye kamusi. Analijifunza kwa kuona linamwelekea nani na sura ya anayelisema ikoje. Kijana wa Mama Neema hajui herufi zile zinasimamia nini, lakini ameona zinatajwa kwa nani.

Na vifupi huwahi kuoza. Ile P ya kwanza ni "mtu". Sheria iliweka mtu mbele makusudi. Tukafupisha, mtu akamezwa, leo tunasema "ba-PVH" kama tunavyosema bilema.

Shemeji wa Walungu, Bukavu
Asante kwa mada. Kwetu usiku mtu hasemi nyoka, anasema kamba. Ukimtaja atakuja. Bibi yangu alikuwa mkali sana kwa hilo. Na sindano haiombwi dukani usiku.

Fundi Kadutu
Shemeji, tunaongea juu ya matusi, siyo nyoka.

Mwalimu Ibanda
Mwacheni, hayuko mbali. Mababu wa Warusi waliogopa kumtaja dubu, wakamwita "mla asali". Jina la kwanza limepotea kabisa, leo "mla asali" ndilo jina lake la kawaida. Neno la kukwepa likitumika peke yake muda mrefu, linakuwa jina lenyewe. Tofauti yetu ni kwamba dubu anaogopwa, hadharauliwi, kwa hiyo jina lake halikuwa tusi.

Nesi wa Kamalondo, Lubumbashi
Naleta langu, la kazini. Hospitali siitaji.

Watu wanaoishi na virusi tunaandika PVV kwenye mafishi, lakini mbele ya watu hatusemi. Tulikuwa tunawapokea chumba namba 6. Basi mapokezi wakawa wanasema tu, "Mama, wewe ni wa sita." Tuliona tumewahifadhi. Haikupita miezi mitatu nikasikia wauza mikate pale getini: "Yule naye ni wa sita." Namba tupu! Mke mmoja alikataa kitanda cha sita kwenye wodi ya wazazi, kitanda kisicho na uhusiano wowote na chumba kile. Alilia hadi tukambadilisha.

Mkubwa wetu akaamuru tuhamie chumba namba 11. Mnajua kilichofuata. Nusu mwaka, kumi na moja ikawa ndiyo sita. Na mbaya zaidi, chumba 6 kilipogeuzwa stoo, watu waliendelea kukikwepa.

Kilichosaidia hakikuwa jina. Ulipofanyika ukarabati tulibanwa nafasi, tukawekwa pamoja na wa presha na wa sukari: chumba kimoja, benchi moja, siku zilezile. Wauza mikate wakakosa la kusema. Ukimwona mtu pale hujui ni presha au ni nini, hata pasta alikuwa anakaa benchi lile. Sikusikia tena mtu kuitwa kwa namba. Lakini dharau kwa wenye virusi haikuisha, hilo nisiwadanganye. Ilikosa tu pa kushika.

Mwalimu Ibanda
Nesi, hiki nitakifundisha. Namba 6 haina maana yoyote mbaya, na bado ilichafuka kwa miezi mitatu kwa sababu ilikuwa inaelekeza kwa watu wa aina moja tu. Ilipoanza kuelekeza kwa wengi, ikasafika.

Baiskeli ya Birere, Goma
Miye njo PVH munaongelea. Niko na baiskeli ya mikono ya magurudumu matatu, nabeba mizigo ya watu pale Petite Barrière miaka na miaka. Niseme kidogo.

Siku ya kwanza kusikia "anayeishi na", nilifikiri wanataka kunipima damu! Kwetu maneno yale yalikuwa ya virusi. Nikauliza, naishi na nani? Miye naishi na bibi yangu na batoto tano.

Sisi kwa sisi tunaitana bilema. "Kilema, sogeza baiskeli." Hakuna anayekasirika. Lakini wewe muzima ukinipigia hivyo kutoka kwenye gari, tutapigana. Ile PVH nayo iko na kazi yake: kwenye ofisi naisema, maana karatasi inaongea hivyo, na bila hiyo hawafungui mlango. Ninyi munataka neno moja la mahali pote. Miye niko nayo matatu.

Mama Neema
Papa, asante. Sasa miye nikikutana na wewe njiani nikuite nani?

Baiskeli ya Birere
Papa Baraka. Njo jina yangu.

Fundi Kadutu
Kwa hiyo sheria haina maana? Turudi kwenye kilema tu? Sikubali.

Mwalimu Ibanda
Sijasema hivyo. Viziwi wametoa jibu tofauti na lako na langu. Mwaka 1991 shirikisho lao la dunia lilikubaliana na lile la wenye usikivu hafifu kukataa neno la kistaarabu "wenye upungufu wa kusikia". Wakataka waitwe viziwi, wazi. Tanzania chama chao ni CHAVITA, Chama cha Viziwi. Neno la ki- lilelile analoliogopa Fundi, wakalishika wenyewe. Lakini vipofu wengi wanapenda "wasioona". Albino wa Tanzania walikataa zeruzeru, na sasa wanataka "mtu mwenye ualbino". Kila kundi na njia yake, na ndani ya kundi moja bado watu wanabishana.

Na kuna maneno hayachafuki kabisa. Kufariki ni neno la kukwepa, kwa Kiarabu ni kuachana tu, limebeba kifo miaka yote na bado unalitangaza mbele ya askofu. Maiti hadharauliwi na mtu. Lakini choo? Hesabuni wenyewe: choo, msalani, maliwato, vesee, "naenda kujisaidia".

Kinyozi wa Katuba
Kujisaidia kwenyewe kumeshaharibika. Juzi mteja kaniambia "nisaidie nijisaidie", saluni nzima ikacheka.

Fundi Kadutu
Bado naona mlemavu ni bora kuliko PVH. Angalau lina mtu ndani.

Shemeji wa Walungu
Nirudi kwenye kamba yangu, maana mlinikatiza. Juzi usiku mke wangu ananiita kutoka nyuma ya nyumba: "Papa, lete taa, iko kamba hapa!" Nikatoka na panga na viatu vya mvua. Kumbe kamba ya nguo imekatika, anataka niifunge. Tumekubaliana: kuanzia sasa, ile ya kuanikia nguo, usiku inaitwa "ya kufungia".