Maneno ya Kijerumani na maana zake toka picha ya kitabu: Lens, Excel au kuchapa kwa mkono?

Zuhura_A1
Wadau habari za leo. Najifunza Kijerumani, nimepiga picha ukurasa wa maneno ya jikoni kwenye kitabu cha mazoezi, kushoto Kijerumani kulia Kiswahili. Maneno 26. Nataka yakae Excel kila neno na maana yake. Nimekopi kwa Lens nikapesti, kulia ikatoka mistari 29, sasa die Gabel imepata "kijiko" na der Löffel imepata "sufuria ya moto" 😩 Nyie mnatumia njia gani?

kibo_boy
Si uingize tu Google Translate, itakupa maana zote fasta.

Zuhura_A1
Maana ninazo kaka, zimeandikwa kwenye kitabu. Shida ni zimehama.

MzeeWaSpidi
Lens iko poa, ila usikopi ukurasa mzima. Kata picha mara mbili, safu ya kushoto peke yake na ya kulia peke yake, kila moja pesti kwenye kolamu yake. Hesabu zikilingana 26 kwa 26 umemaliza.

fundi_kamusi
Kukata picha ni sawa mkuu, ila hesabu isikudanganye. Maana moja kulia ikikatika mistari miwili kisha nyingine ikarukwa, utapata 26 kwa 26 na katikati yote yamepishana.

Dada Zuhura, yako naiona hata bila picha. Hiyo "sufuria ya moto" ni mkia wa der Topflappen, "kitambaa cha kushikia sufuria ya moto", haikutosha kwenye safu ikashuka mstari wa pili, Excel ikaihesabu ni maana mpya na kila kitu chini yake kikasukumwa hatua moja. 29 toa 26, kwa hiyo kuna mikia mitatu. Anza juu ushuke, ukikuta mkia uunganishe na seli ya juu yake, halafu futa HIYO SELI TU, Delete kisha Shift cells up. Ukifuta row nzima umeondoka na neno la Kijerumani la pembeni. Baada ya hapo shika kitabu ulinganishe kila neno la tano na lile la mwisho, la mwisho likikaa vibaya rudi juu mpaka uone lilipoanza kuhama.

Kwa kompyuta mimi natumia Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha, yenyewe inasoma mstari kwa mstari kuvuka safu zote mbili:

```
tesseract jikoni.jpg jikoni -l deu+swa --psm 6 -c preserve_interword_spaces=1
```

Mkia unatoka kama mstari wenye Kiswahili peke yake, hauwezi kujificha. Ila ukurasa ukiwa umepinda karibu na mshono wa kitabu mstari wa kushoto unaungana na wa jirani kulia, kwa hiyo laza kitabu vizuri na upige kutoka juu kabisa.

MzeeWaSpidi
Hiyo ya 26 kwa 26 iliyopishana haijanitokea bado, ila sawa.

Teacher_Neema
Mimi nachapa kwa mkono na sioni haya. Neno, Tab, maana, Enter, inarudi yenyewe kolamu ya kwanza mstari wa chini, maneno 26 chai haijapoa. Na macho yanaona nukta za juu, maana hizi app nilishapewa schon badala ya schön, moja ni "tayari" nyingine ni "-zuri", mwanafunzi akikariri hivyo utamrudisha vipi? Tena ukifika ukurasa wa sifa, ukichapa -zuri au -kubwa Excel inadhani ni hesabu inakuandikia #NAME?, anza na alama ya ' ndiyo inatulia.

bin_pwani
Yangu ni Kiarabu na Kiswahili, Kiarabu kiko kulia. Nikichapa zote mstari mmoja zinageuzana, neno linaruka upande wa maana. Nikiweka seli tofauti afadhali, ila nikipeleka kwenye faili la maandishi matupu vurugu inarudi pale pale. Kuna aliyeliweza hili?

kibo_boy
Mimi niliwahi kupanga A–Z kolamu moja tu, Excel ikauliza kitu nikabonyeza bila kusoma 😂 maneno mia na ushee yote yakaoa maana za wenzao.

fundi_kamusi
Ilikuuliza Expand the selection hiyo. Ndiyo maana naweka kolamu ya tatu ya namba 1 hadi 26 kabla sijagusa chochote, nikichanganya napanga kwa namba narudi nilipotoka, mradi kolamu zote zilipangwa pamoja. Yako kibo hata namba zisingekuokoa.

Zuhura_A1
Mikia nimeipata: Topflappen, Schneidebrett ("ubao wa kukatia mboga na nyama") na Spülbürste. Nimeunganisha, das Messer sasa ni kisu na la mwisho limekaa. Ukurasa wa sifa nitachapa kwa mkono kama mwalimu. Ila Löffel ilikuwa imesomwa Loffel, nimeiona kwa bahati tu, sijui zingine ngapi zimenipita.

Teacher_Neema
Fungua kitabu dada, upitie zote 26.