Daftari la jenereta: mstari mmoja, maelezo ama fomu ya tiki?

Mtunza_Nyali:
Wadau habari za jioni. Nasimamia fleti hapa Nyali, jenereta yetu ni ya dizeli, kVA 60. Tumebadilisha fundi na kila mmoja ana mwandiko wake, sasa mwenye nyumba anataka mtindo mmoja tu. Nawawekea shida ileile, jenereta kuzima ikiwa na lodi, vile ingeandikwa.

Ya kwanza: "Jenereta ilikuwa na shida. Imefanyiwa sevisi, filta mpya. Iko sawa."

Ya pili: "Mita masaa 3,412. Imezima yenyewe kama dakika 40 baada ya kuchukua lodi. Filta ya dizeli imeziba, ina ute mweusi. Imebadilishwa, hewa imetolewa. Imejaribiwa saa moja na lodi, haikuzima."

Ya tatu ni fomu ya kuchapisha, viboksi vya oili, filta, maji, betri, mkanda, fundi anapiga tiki na sahihi. Nyinyi mnatumia gani?

Dizeli_Mbili:
Fomu ya tiki kaka, usijisumbue. Fundi hapendi kuandika, ukimpa ukurasa mtupu atakuandikia "iko sawa" mpaka Kiyama. Fomu hata mlinzi anajaza na mwenye nyumba anaona kila kitu kimeguswa.

Spana17:
Dizeli_Mbili uko sawa kwa sevisi ya kawaida, ile ya kumwaga oili na kuweka filta, hapo tiki yatosha. Lakini jenereta ikizima yenyewe tiki haikusaidii kitu. Tiki kwenye "filta" yaniambia filta imebadilishwa, hainiambii kwa nini, wala filta ipi, maana mle ndani kuna ya oili, ya dizeli na ya hewa. "Filta mpya" ya yule wa kwanza ndiyo ugonjwa huohuo.

Mtunza, ya pili ni nzuri ila yakosa kitu kikubwa: imezima vipi? Kama mlio ulilegea kwanza, taa zikafifia, kisha ndio ikazima, hapo injini inanyimwa dizeli, iwe filta, bomba au hewa imeingia. Kama ilikuwa inanguruma vizuri halafu kimya papo hapo, mimi naanza na umeme wa kuzimia na waya za kontrola kabla sijagusa filta. Mambo mawili tofauti kabisa na yote yameandikwa "imezima yenyewe". Na maneno ya kwenye skrini nakili vilevile, ikiwa ni UNDER FREQUENCY andika hivyo hivyo, usitafsiri.

Bi_Hesabu:
Mimi niko upande wa kulipa bili. Hiyo ndefu naipenda lakini bado siwezi kuilinganisha na risiti. Filta ina namba imepigwa ubavuni, iandikwe hiyo namba na idadi. Mwaka jana tuliuziwa filta ambazo zikikaa karibu karibu utafikiri sawa, kumbe namba tofauti, na daftari lilisema "filta" tu kwa hivyo hatukuwa na la kumwambia muuzaji.

Kona_ya_Mtwapa:
Jamani mimi yangu inakula AVR, kile kifaa cha kusawazisha volti. Imebadilishwa, ikafa, imebadilishwa tena ikafa. Daftari linasema "AVR imekufa, imebadilishwa" basi. Ni jenereta gani nzuri ya kununua hapa Mombasa isiyosumbua AVR?

Spana17:
Kona hapa tunaongea kuandika, si kununua hehe, lakini yako inaingia palepale. "AVR imekufa" ni hukumu, si dalili. Volti zilikuwa ngapi kabla haijatolewa? Zilipanda ama zilishuka? Bila lodi ama na lodi? AVR nyingi zikikosa kusoma volti za alternata vizuri, kwa mfano waya umelegea kwa mtikisiko ama umeliwa na chumvi, zinaendelea kusukuma tu. Hapo utaweka mpya kila mara na waya uko palepale. Sisemi ndiyo yako, nasema daftari lako haliwezi kunionyesha.

Mtunza nikumalizie kwa mfano wako. Tuseme wiki kadhaa baadaye imezima tena, fundi ameandika hivi: "Mita masaa 3,450. UNDER FREQUENCY kwenye skrini, mlio ulilegea kwanza. Filta ya dizeli imeziba tena." Sasa toa 3,412 kwenye 3,450, unapata masaa 38. Filta ya dizeli kwenye injini nyingi za saizi hiyo huendeshwa mpaka kama masaa 250 (angalia kitabu cha yako). Masaa 38 si filta mbovu, ni tangi. Bila kusoma mita mara zote mbili ungeona tu filta mbili zimenunuliwa na ungemlaumu aliyekuuzia.

Hapo fundi anamwaga dizeli ya filta kwenye chupa nyeupe anaiacha itulie, maji yakiwepo yanakaa chini na ule ute unakaa katikati ya maji na dizeli. Kisha anafungua koki ya chini ya tangi. Huku kwetu na unyevu huu, tangi likikaa nusu linavuta jasho ndani usiku. Akimaliza aandike: "Kilichoonekana: maji na ute chini ya tangi, kama lita 3 zimemwagwa mpaka dizeli ikatoka safi. Kilichofanywa: tangi limesafishwa, filta ya dizeli 1, namba kama ilivyo ubavuni, hewa imetolewa kwa pampu ya mkono mpaka povu likaisha. Jaribio: saa moja, Amp 50, 50 Hz, haikulegea. Kinachodhaniwa: mpira wa kifuniko umekatika, unaingiza mvua. Bado haujabadilishwa."

Hiyo sentensi ya mwisho ndio mafundi wengi hawaiandiki, na ndiyo itakayokurudisha hapa masika ikifika.

Dizeli_Mbili:
Sawa ila "kinachodhaniwa" mimi siafiki. Ukiandika unadhani, mteja anaona hujui kazi. Ama unajua ama nyamaza.

Spana17:
Ukinyamaza anayekuja baadaye anaanza moja. Na ukiandika "sababu: mpira" kana kwamba una hakika, basi hakuna atakayefungua tangi tena hata likiwa na tundu.

Bi_Hesabu:
Mimi kama mteja ningependelea kujua anadhani nini, lakini kwa kweli bosi wangu angeuliza kama Dizeli_Mbili. Ya jaribio ndiyo nimeipenda, hiyo "Amp 50" yaonyesha kwamba imebeba kitu. Mara ngapi tumeambiwa imejaribiwa na iliwashwa dakika 5 tupu ikazimwa.

Mtunza_Nyali:
Ahsanteni. Kwa hivyo fomu ya tiki ibaki ya sevisi, na ikizima ama ikigoma kuwaka fundi anageuza nyuma ya fomu anaandika vilivyoonekana, vilivyofanywa, spea na namba yake, jaribio. Ya "kinachodhaniwa" naiweka kwa penseli kwanza nione mwenye nyumba atasemaje. Mlinzi atasoma mita kila ikizimwa, hiyo haina mjadala.

Kona_ya_Mtwapa:
Spana17 nimefungua kile kiboksi cha alternata jioni hii. Waya mmoja unaoingia kwa AVR una kutu ya kijani kwenye terminali, mwingine mzima kabisa. Nimeusafisha nikakaza, bila lodi inatoa 415 haiyumbi. Na lodi sijajaribu, stima iko. Nimeandika hivyo hivyo kwa daftari, na AVR hii ya mwisho sijaitoa.